Jitu Lililotanua Miguu Juu ya Afrika: Namna ya Kumfafanulia Mwanafunzi wa Sekondari Katuni ya Rhodes

Mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu akipewa katuni ya kisiasa aieleze, mara nyingi huandika sentensi moja: "Katuni hii inaonyesha ukoloni." Si uongo, ila sentensi hiyo angeweza kuiandika hata mchoro wenyewe asiuone. Anachotakiwa ni kueleza mchoraji amefanya nini na kalamu yake mpaka anayetazama akawaza ukoloni. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi, au dada na kaka anayemsaidia mdogo wake kazi za shule. Unatumia katuni moja tu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mwanafunzi akiimaliza moja vizuri, nyingine hazimpi taabu sana.

Katuni yenyewe ilichorwa na Mwingereza Edward Linley Sambourne, ikatoka katika gazeti la vichekesho la Punch, London, tarehe 10 Desemba 1892. Inamwonyesha Cecil Rhodes, mwanasiasa na tajiri wa almasi, amesimama juu ya bara la Afrika, buti moja upande wa Rasi, kusini kabisa, na jingine upande wa Misri, ameshika waya wa telegrafu kwa mikono yote miwili. Imo katika vitabu vingi vya historia, kwenye mada ya kugawanywa kwa Afrika, na mtandaoni inapatikana bure kwa kuandika:

```
The Rhodes Colossus Punch 1892
```

Chapisha nakala ijae ukurasa wa A4, kwa sababu ikiwa ndogo bunduki iliyo mgongoni haionekani vizuri. Andaa pia rula, penseli, ramani ya kawaida ya Afrika na kipande cha karatasi tupu cha kufunikia maandishi yaliyo chini ya mchoro. Darasani tenga vipindi viwili vya dakika 40. Nyumbani, kwa mwanafunzi mmoja, saa moja inatosha.

Hatua ya kwanza: aorodheshe vitu, asitafsiri

Funika kichwa cha katuni. Usimwambie ni nani huyo wala ni mwaka gani. Mpe dakika tano aandike kila anachokiona, kwa sharti moja: aandike vitu na mikao tu. "Mwanamume mmoja." "Buti." "Miguu imetanuliwa." "Mikono imenyooshwa pande zote mbili." "Waya." "Kofia ngumu ya jua, ameishika mkononi." "Bunduki mgongoni." "Ramani ya Afrika chini."

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na dalili yake inajulikana: sentensi inaanza na "inaonyesha", "inamaanisha" au "anataka". Akiandika "mkoloni mwenye tamaa", mwulize tamaa iko wapi kwenye karatasi, aiguse kwa kidole. Hataweza kuigusa. Atagusa miguu au mikono, na hicho alichokigusa ndicho cha kuandika. Msikasirikie jibu la tamaa, linaweza kuja kuwa sahihi baadaye. Kosa lake ni kwamba limekuja kabla ya ushahidi.

Orodha ikiwa na vitu chini ya saba, mrudishe kwenye mchoro. Vinavyosahaulika sana ni viwili: bunduki, kwa kuwa iko nyuma, na kofia, kwa kuwa haiko kichwani ilipotarajiwa.

Hatua ya pili: atafute kilichotiwa chumvi

Mwanafunzi ameshasikia kwamba katuni hutia chumvi, kwa hiyo atakimbilia usoni. Atatafuta pua ndefu, masikio makubwa, kitambi. Kwenye vikaragosi vingi vya wanasiasa wa leo ndiko kwenye kazi yenyewe. Sambourne ni tofauti, na ndiyo maana katuni hii inafaa kufundishia. Mchoraji huyu alikuwa na mazoea ya kuchora akiwa na picha za kamera mezani, na uso wa Rhodes hapa ni uso wa kawaida wa mtu, hauna dhihaka ya kutisha. Chumvi yote imekwenda kwenye ukubwa.

Swali la kumsaidia ni hili: "Kama hii ingekuwa picha ya kamera, kitu gani kisingewezekana?" Mavazi yangewezekana, waya na bunduki pia. Kisichowezekana ni mtu kukanyaga Rasi na Misri kwa wakati mmoja. Basi chumvi iko hapo.

Sasa mfanye aipime, kwa sababu "mkubwa sana" halina uzito kwenye jibu. Asimame atanue miguu kama Rhodes, wewe upime kutoka kisigino hadi kisigino. Tuseme ni mita 1, na urefu wake yeye ni mita 1.7. Kutoka Cape Town hadi Cairo, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 7,200 hivi. Mtu ambaye hatua yake ni kilomita 7,200 atakuwa na urefu wa 7,200 × 1.7, yaani kilomita 12,240. Kipenyo cha dunia nzima ni kilomita 12,700 na ushei. Mchoraji amemchora mtu anayekaribia ukubwa wa sayari aliyomo. Mwanafunzi akishaifanya hesabu hiyo mwenyewe huona jambo ambalo maelezo matupu hayampi: kwamba ukubwa huu umepita kiasi hata cha kusifu, una kichekesho ndani yake. Mtalihitaji wazo hilo mbele.

Kisha uliza swali la pili la hatua hii: "Kilichokuzwa ni nani, na kilichopunguzwa ni nini?" Kila kitu kinapokuzwa kwenye katuni, kingine hupungua. Rhodes ameongezeka, Afrika imepungua ikawa kitu cha kukanyagia. Akilitambua hilo amepata nusu ya jibu.

Hatua ya tatu: sitiari, moja moja, kwa kubadilisha

Sitiari mwanafunzi anaijua kutoka kwenye fasihi: kusema kitu kimoja kwa jina la kingine. Kwenye katuni ni hivyohivyo, isipokuwa kinachotumika ni picha badala ya neno. Shida ni kwamba hukariri maana kama kamusi: bunduki ni vita, mnyororo ni utumwa, njiwa ni amani. Ukimwacha hivyo, atasema bunduki ya Rhodes "inaonyesha vita" na atakuwa amekosa jambo zuri kuliko yote kwenye mchoro huu.

Dawa yake ni kubadilisha. Chukua kitu kimoja, kiondoe au weka kingine mahali pake, halafu uliza maana imehama vipi. Maana isipohama, kitu hicho ni pambo tu.

Anzeni na waya. Kwanza hakikisha anajua ni waya wa nini. Kijana wa leo akisikia simu anawaza ya mfukoni. Huu ni waya wa telegrafu, uliopeleka ujumbe kwa alama za umeme, na ndio uliozaa katuni yenyewe: mwishoni mwa Novemba 1892 Rhodes alitangaza mpango wa kuendeleza waya wa telegrafu kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo. Sasa badilisheni. Waya ukiwa kamba, Rhodes anafunga bara kama mzigo. Ukiwa mjeledi, anachapa. Ukiwa waya, anaunganisha na kuamuru akiwa mbali, maana mwenye waya hupeleka amri leo, na asiye nao husubiri mjumbe. Mtazamo huo ni wa mtawala wa karne ya 19 anayejiona analeta maendeleo, na mchoraji ameuweka mbele kabisa, mikononi.

Halafu mikono. Imetanuliwa kama ya muuza kitambaa anayepima pima moja. Mikono ingekunjwa kifuani, angekuwa mtu anayelinda alichonacho. Ikitanuliwa hivi anapima, na anayepima nguo ya dukani ameshaichukulia kuwa yake, kilichobaki ni kukata.

Sasa bunduki, na hapa msiharakishe. Iondoeni kwanza: anabaki mhandisi au mfanyabiashara mwenye ndoto kubwa. Irudisheni, ila mkononi, ikielekezwa chini kwenye ramani: sasa ni vita vya wazi. Mchoraji hakufanya lolote kati ya hayo. Ameiweka mgongoni, nyuma ya mwili, waya ukiwa mbele. Nguvu ipo, imebebwa, haitumiki wakati huu, na ramani haitazamwi kwa mtutu. Jibu zuri la mwanafunzi halisemi tu kwamba kuna bunduki, linasema iko wapi. Linganisha na historia: Kampuni ya Rhodes, Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1889, ilikuwa na askari wake. Mwaka 1893, chini ya mwaka mmoja tangu katuni itoke, ilipigana na Wandebele wa Mfalme Lobengula ikitumia bunduki za rashasha. Bunduki ikatoka mgongoni.

Kofia inahitaji tahadhari ya aina nyingine. Ni kofia ngumu ya jua, vazi la wazungu wa nchi za joto, na iko mkononi. Wanafunzi werevu hupenda kuipa maana nzito: anaaga, anasalimia, anavua kofia kwa heshima ya Afrika. Ibadilisheni muone. Mkiirudisha kichwani, katuni inabaki karibu ileile. Basi kofia inatambulisha aina ya mtu, mzungu msafiri wa Afrika, na yatosha. Kumfundisha mwanafunzi kuacha kitu bila kukipa maana kubwa ni kazi kama ile ya kumfundisha kuona. Wasahihishaji huchoshwa na majibu ambamo hata kivuli cha buti kimepewa falsafa.

Hatua ya nne: picha iliyoazimwa

Funua sasa kichwa cha katuni. Neno Colossus kwenye kichwa hicho lina maana ya sanamu kubwa mno, na limeelekezwa kwa sanamu moja maalumu: ya mungu jua wa Wagiriki, Helios, iliyosimama katika kisiwa cha Rhodes kwenye bahari ya Mediterania, mojawapo ya maajabu saba ya kale. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya tatu kabla ya Kristo, urefu wake ukiwa mita 33 hivi, ikaangushwa na tetemeko la ardhi mnamo mwaka 226 kabla ya Kristo. Jina la kisiwa na jina la mwanasiasa huandikwa sawa. Msomaji wa Punch wa mwaka 1892 alikuwa na uwezekano mkubwa wa kulinasa fumbo hili mara moja, kwa kuwa elimu ya shule za Kiingereza za wakati ule ilijaa Ugiriki na Roma. Mwanafunzi wa Singida au Kisumu hana sababu ya kulijua, na hilo si upungufu wake. Mwambie tu, dakika mbili zinatosha.

Jambo la kumwonyesha ni mkao. Katika michoro mingi ya Ulaya ya karne za baadaye, sanamu hiyo ilichorwa imetanua miguu juu ya mlango wa bandari, meli zikipita katikati. Ile halisi haikuweza kusimama hivyo, na wanahistoria hawaukubali mkao huo. Lakini mchoraji wa katuni hachoti kwenye ukweli wa mambo ya kale, huchota kwenye picha iliyomo vichwani mwa wasomaji wake. Miguu iliyotanuliwa ya Rhodes imetoka hapo. Meli zilizopita chini ya sanamu sasa ni bara zima.

Mwanafunzi atauliza swali ambalo huulizwa karibu kila mara: "Kwa hiyo mchoraji alitabiri kwamba ukoloni utaanguka kama sanamu?" Ni swali zuri, na jibu lake litafutwe kwenye karatasi. Kuna ufa kwenye buti? Anayumba? Ardhi inatikisika? Hakuna. Basi hatuna ushahidi kwamba Sambourne alimaanisha hivyo. Mwanafunzi anaruhusiwa kuandika kwamba msomaji wa leo, anayejua sanamu ilianguka, huona kinaya hapo, mradi aseme ni kinaya cha msomaji na asimpachike mchoraji.

Hatua ya tano: nini kilikuwa chini ya miguu hiyo

Chukua ramani ya kawaida ya Afrika. Mwambie apige mstari wa penseli kutoka Cape Town hadi Cairo, halafu muandike pamoja pembeni nani alikuwa anatawala wapi Desemba 1892. Msiandike nchi zote, chagueni vituo vinne.

Bulawayo: Lobengula, mfalme wa Wandebele, bado yuko kwenye kiti chake.

Mashariki mwa Ziwa Tanganyika: Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliifikisha mipaka ya Wajerumani hadi kwenye Kongo ya Mfalme Leopold, na kwa hiyo ukaziba njia ya Waingereza ya kusini hadi kaskazini. Hata hao Wajerumani hawakuwa na utawala kamili. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliteketeza kikosi chao, na mwezi katuni hii inatoka London Mkwawa alikuwa bado anatawala Uhehe.

Uganda: haijatangazwa kuwa himaya ya Uingereza. Hilo lilikuja 1894.

Sudani: nchi ya Wamahdi, chini ya Khalifa Abdullahi, makao yake Omdurman. Waingereza hawakuishinda hadi 1898.

Sasa rudini kwenye katuni. Lobengula yuko wapi? Wajerumani, Mkwawa, Khalifa? Hakuna hata mmoja. Ardhi imechorwa tupu, haina mtu wala mwenyeji. Hapa mwanafunzi hujifunza kwamba kwenye katuni kilichoachwa nje kinasomeka kama kilichochorwa. Mfundishe kukisema kwa uangalifu, kwa sababu orodha ya visivyokuwepo haina mwisho: hata twiga hawapo. Kutokuwepo kuna maana pale tu kitu kilipostahili kuwepo kwa mujibu wa mada. Mada ni mpango wa kupitisha waya katika nchi za watu, kwa hiyo watu hao walistahili kuwepo. Twiga hahusiki.

Hatua hii ndiyo inayomtenganisha mwanafunzi wa alama za wastani na mwenye alama za juu. Ikiwa muda umebana, punguza hatua ya nne, hii iache kamili.

Hatua ya sita: mchoraji yuko upande gani

Mwanafunzi wa leo husema bila kusita kwamba katuni inawalaani wakoloni. Anasema hivyo kwa sababu yeye anawalaani, na kwa sababu kwenye kitabu chake imewekwa katika sura ya uvamizi. Mkumbushe kwamba katuni ilichorwa London, kwa wasomaji wa London, wakati Rhodes akiwa Waziri Mkuu wa Koloni la Rasi na tajiri wa almasi aliyekuwa na wapenzi wengi huko. Punch lilikuwa gazeti la watu wenye nafasi zao, halikuwa sauti ya waliotawaliwa.

Njia nzuri ni kumpa karatasi ya safu mbili. Upande mmoja aandike ushahidi wa kusifu: uso wa heshima, mwili uliosimama imara, mlinganisho na mojawapo ya maajabu ya dunia, waya ambao kwa msomaji wa wakati ule ulikuwa ishara ya ustaarabu. Upande wa pili ushahidi wa kutania: ukubwa usiowezekana, ule mliopigia hesabu, mkao wa mtu anayejiona mungu, na bunduki ambayo mchoraji angeweza kuiacha lakini hakuiacha. Akijaza safu zote mbili ataona kwamba jibu la "anamsifu" na la "anamlaani" yote ni mafupi mno. Maoni yetu ni kwamba Sambourne anamstaajabia Rhodes huku akimcheka, na kwamba kicheko chenyewe kinahusu majivuno ya mtu mmoja. Haki ya Waafrika kwenye ardhi yao haimo katika kicheko hicho. Mwanafunzi anaweza kukataa maoni hayo, lakini akatae akiwa na kitu cha kugusa kwa kidole.

Hatua ya saba: aandike

Mpe kanuni ya sentensi tatu kwa kila hoja: nilichokiona, mchoraji alichokifanya nacho, wazo linalotokea. Zisipitwe wala zisibadilishwe mpangilio. Jibu dhaifu husomeka hivi:

"Rhodes ni mkubwa na ana bunduki. Hii inaonyesha wazungu walikuwa na nguvu na walitunyanyasa."

Jibu lenye kanuni, kwa vitu vilevile, husomeka hivi:

"Rhodes amechorwa akikanyaga Rasi na Misri kwa wakati mmoja. Mchoraji amekuza mwili wake hadi bara lote likawa kama kigoda cha kusimamia, na chini yake hakuchora mtu hata mmoja. Hivyo msomaji anaiona Afrika kama nafasi tupu inayomsubiri mtu mmoja, ingawa mwaka 1892 njia hiyo ilipita katika nchi za Lobengula, Wajerumani na Khalifa wa Sudani. Bunduki ameibeba mgongoni na waya ameushika mbele. Mchoraji ametanguliza chombo cha mawasiliano na kuficha kidogo chombo cha vita. Hivyo utawala unaonekana kama kazi ya maendeleo, lakini nguvu ya silaha iko nyuma yake."

Ukisahihisha, pigia mstari kila kitenzi cha mchoraji: amekuza, ametanguliza, ameficha, hakuchora. Aya isiyo na kitenzi cha namna hiyo inaeleza historia na kuisahau katuni. Kinyume chake pia hutokea: aya yenye buti, waya na kofia tupu, bila tarehe wala jina, ni maelezo ya picha ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeyatoa. Kwa ukurasa mmoja, hoja mbili au tatu zilizoshiba zinatosha.

Akikutana na katuni ya leo

Njia ni ileile ila mizani inabadilika. Kwenye katuni za magazeti yetu sura hukuzwa zaidi, na ishara hurudiwa siku baada ya siku hadi ikawa kama jina la pili la mtu. Gado, mchoraji Mtanzania aliyefanya kazi miaka mingi Nairobi, aliwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiburuta mpira wa chuma uliofungwa mguuni kwa mnyororo, wakati wa kesi zao katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Fanyeni jaribio la kubadilisha: ukiweka pingu za mikononi badala ya mpira, unapata mtu aliyekamatwa. Mpira unamwacha mtu atembee, agombee, hata atawale, lakini kila aendako anauburuta. Ni kesi, si hukumu. Tarehe nayo ina kazi yake hapa: mashtaka ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014 na kesi ya Ruto ikakomeshwa Aprili 2016, kwa hiyo mpira huohuo ukichorwa baada ya hapo unasema jambo jingine. Kabla ya kufafanua katuni ya aina hii, mwanafunzi aandike tarehe yake juu ya ukurasa.

Kupima kama ameelewa

Usimwulize kama ameelewa, atasema ndiyo. Mpe nakala ya katuni ya Rhodes na kifutio, umwambie aibadilishe kitu kimoja tu ili iwe katuni inayompinga Rhodes waziwazi, halafu aeleze kwa sentensi tatu. Kipaji cha kuchora hakihitajiki, hata vijiti vinatosha. Akimwongezea Rhodes meno ya simba au pembe za shetani, rudini hatua ya pili: bado anadhani chumvi ni kumfanya mtu awe mbaya wa sura. Akiandika neno "mkoloni" kifuani pa Rhodes, rudini hatua ya tatu, kwa sababu ametumia neno kufanya kazi ya picha. Akiihamisha bunduki mkononi, akaukata waya kwenye eneo la Wajerumani, au akachora watu wa Uhehe chini ya mguu mmoja wakiushika waya kuuvuta, hapo mpe katuni nyingine.